Kilichomfunga choo hakikuwa mimba peke yake

Fundi cherehani mmoja alipofika kliniki ujauzito wake ukiwa na wiki 26, wingi wa damu yake ulisoma 9.6. Wiki ya 10 ulikuwa 11.4. Damu hushuka kidogo katikati ya ujauzito kwa sababu maji ya damu huongezeka, lakini ikishuka chini ya 10.5 katika kipindi hicho tunaita upungufu, na yeye alikuwa ameshapita hapo. Kadi ilionyesha amepewa FEFO, vidonge vya kuongeza damu, kila mwezi bila kukosa. Alipoulizwa kama anazimeza, alisema ndiyo, kisha akatazama chini.

Aliombwa arudi kesho yake na kila kitu anachotumia, hata kile anachoona aibu kukileta. Alikuja na mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na pakiti mbili za FEFO zisizoguswa na moja iliyoliwa nusu, chupa ya dawa nyeupe ya kiungulia, pakiti za ile poda ya chumvi inayotoa povu ukiitia kwenye maji, kichupa cha mafuta ya nyonyo, na vipande vinne vya udongo wa pemba vilivyofungwa kwenye gazeti. Kila kimoja alikichukua kwa ajili ya tatizo lililokuwa linamsumbua kwa wakati huo. Tulipovipanga mezani kwa mfuatano wa miezi, ilionekana wazi kwamba kila dawa ilitibu shida moja na kuikuza nyingine. Simulizi hii inafuata mfuatano huo, kwa sababu wengi hupita njia ileile na kuambiwa tu kwamba "mimba ndivyo zilivyo".

Hii ni mimba yake ya kwanza, na kwa kazi yake anakaa kwenye fremu kuanzia saa mbili asubuhi hadi magharibi. Kichefuchefu kilianza wiki ya 6. Hapo ndipo huanza kwa wengi, kati ya wiki ya 4 na ya 6, kinapanda hadi karibu wiki ya 9, na kwa walio wengi kinaisha kati ya wiki ya 16 na ya 20. Kukiita cha asubuhi ni kukionea, maana chake kilikuwa kikali zaidi saa kumi jioni, jirani wa pale fremu anapokaanga vitunguu. Kwa muda mrefu wanawake wamekuwa wakiambiwa wanadeka, au kwamba hawaitaki mimba. Mwaka 2023 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, ambayo kondo la nyuma huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama, ina mkono mkubwa katika jambo hili, na kwamba waliokuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndio huumwa zaidi, kwa kuwa mwili haujaizoea. Kwa hiyo mwenye kutapika sana hana kosa alilofanya.

Kosa lake la kwanza lilikuwa la kawaida kabisa: aliacha kula ili asitapike. Tumbo tupu ndilo linalochochea kichefuchefu. Kinachosaidia ni kula kidogo kabla njaa haijafika. Usiku uweke kando ya kitanda kitu kikavu, iwe biskuti zisizo na krimu, kipande cha mkate wa jana au muhogo wa kuchemsha uliopoa. Asubuhi ukile ukiwa bado umelala au umeegemea, kisha ungoje dakika 15 hadi 20 ndipo uinuke. Baada ya hapo kula kila baada ya saa mbili, kiasi cha kujaza kiganja, na chakula kiwe kimepoa, kwa sababu mvuke ndio unaobeba harufu. Maji usinywe pamoja na chakula. Yanywe katikati ya mlo na mlo, funda mojamoja. Akina mama wengi hutuambia maji matupu hayapiti kooni ila yakiwa ya baridi sana au yakikamuliwa ndimu. Hilo halina tatizo, maadamu kiungulia hakijaanza.

Tangawizi inafanya kazi, na kipimo kilichochunguzwa zaidi ni gramu 1 ya unga mkavu kwa siku, igawanywe mara nne. Kwa tangawizi mbichi hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichokunwa, kwa siku nzima. Yeye alikuwa anachemsha kipande kizima kwenye sufuria na kunywa vikombe vinne vikali akiwa na njaa, kisha akashangaa kifua kinawaka. Tangawizi nyingi huleta kiungulia, na hilo husahaulika kwa sababu ni dawa ya nyumbani.

Tangawizi na chakula visipotosha, hatua inayofuata ni vitamini B6, miligramu 10 hadi 25, mara tatu kwa siku. Hapa kuna mtego wa duka la dawa. B6 peke yake haipatikani kila duka. Hospitalini ipo zaidi kwa sababu hupewa wagonjwa wa kifua kikuu. Ukiuliza "B6" dukani unaweza kupewa vidonge vya mishipa vyenye B1, B6 na B12 kwa pamoja, ambavyo B6 yake ni miligramu 100 au 200 kwa kidonge kimoja. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa kazi hii, na B6 ya wingi huo ikitumiwa muda mrefu inaharibu neva, mtu anaanza kufa ganzi miguuni. Soma ganda kabla ya kulipa. Kama bado unatapika, daktari anaweza kuandika promethazini, ambayo inaleta usingizi na hufaa usiku, au metoklopramidi miligramu 10 hadi mara tatu kwa siku, isizidi siku 5. Ukimeza metoklopramidi kisha taya au shingo ikaanza kukaza au macho kujipindua juu, acha mara moja na urudi hospitali. Ni madhara ya dawa, si mapepo, na yana sindano yake. Ondansetroni ipo pia, lakini katika wiki 10 za mwanzo tunapenda zijaribiwe kwanza hizo nyingine, kwa sababu imehusishwa na ongezeko dogo sana la watoto kuzaliwa na mdomo sungura.

Jambo la kupima nyumbani ni uzito na mkojo. Alipoanza mimba alikuwa na kilo 60. Angefika kilo 57 angekuwa amepoteza asilimia 5, na hapo kutapika hakuitwi tena kwa kawaida; ni ugonjwa unaohitaji matibabu hospitali. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au umepita muda wa saa nane bila kukojoa, au kila unachomeza kimerudi kwa siku nzima, usingoje tarehe ya kliniki. Yeye alifika kilo 58, akaenda zahanati akatundikiwa dripu ya sukari, akapata nafuu ya siku moja.

Hiyo dripu inahitaji maneno mawili. Mtu aliyetapika kwa wiki kadhaa anakuwa ameishiwa vitamini B1. Ukimpa sukari nyingi kwenye mshipa kabla ya B1, ile kidogo iliyobaki inatumika yote kuichoma sukari hiyo na ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza, mtu anayumba, anachanganyikiwa. Kwa hiyo anayetapika muda mrefu huanziwa maji ya chumvi au Ringa, na B1 huingia kabla ya sukari. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa upole, "Daktari, ametapika wiki tatu sasa, je, B1 ameshapata?" Na kabla ya hayo yote, katika nchi yetu, kutapika kwa mjamzito ni lazima kuambatane na kipimo cha malaria. Homa, kichwa na viungo vikiuma si dalili za kichefuchefu cha mimba.

Sasa twende kwenye FEFO. Alipewa wiki ya 10, akiwa katikati ya kutapika. Kidonge kimoja kina madini ya chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4. Chuma kinaukera mfuko wa tumbo, hasa ukiwa mtupu. Alimeza siku nne, akatapika siku nne, akaacha, na hakusema kwa kuogopa kukaripiwa. Laiti angesema, angeambiwa kwamba katika wiki hizo za mwanzo kinachokimbizana na muda ni foliki, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto unafunga mapema sana. Chuma kinaweza kusubiri wiki chache hadi tumbo litulie. Angepewa foliki peke yake. Tahadhari ni moja: foliki ya peke yake mara nyingi huja katika kidonge cha miligramu 5, na kiasi hicho hudhoofisha nguvu ya SP, ile dawa ya kukinga malaria inayoanza kutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13. Basi foliki ya miligramu 5 isiendelee kumezwa kimyakimya wakati SP imeanza. Umkumbushe mhudumu kwamba unayo.

Wiki ya 17 kichefuchefu kilipungua, akaanza kumeza FEFO tena, safari hii baada ya chakula cha usiku. Hapo choo kikafunga. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni FEFO, na ni kweli, ila nusu tu. Homoni ya projesteroni inalegeza misuli ya utumbo, chakula kinatembea polepole, na utumbo mpana unapata muda mrefu wa kunyonya maji kutoka kwenye kinyesi. Chuma kinaongeza ugumu juu ya hapo. Sababu kubwa kwake hata hivyo ilikuwa nyingine, na ilipatikana kwa swali dogo: "Ukiwa kazini unajisaidia wapi?" Choo kilikuwa cha kulipia, shilingi 200 kila ukiingia, na ni ng'ambo ya barabara. Mjamzito anakojoa mara kwa mara. Ili asitumie shilingi elfu moja na mia mbili kwa siku, alikuwa hanywi maji kuanzia asubuhi hadi jioni. Tungempa dawa ya aina yoyote bila kujua hilo, isingemsaidia.

Na pemba pia. Alianza kuutafuna huo udongo mwezi wa tatu kwa sababu ulikuwa unatuliza mate na kichefuchefu, na kwa kweli unatuliza kwa muda. Lakini udongo wa aina hiyo hunata kwenye utumbo kama ufinyanzi, hushika chuma cha kwenye chakula na cha kwenye kidonge kisiingie kwenye damu, na mwingine una risasi au aseniki kutokana na mahali ulipochimbwa. Tusidanganyane, hamu ya udongo ni kali, na mara nyingi yenyewe ni dalili kwamba chuma kimepungua. Damu ilipopanda baadaye, hamu ilipungua pia. Katikati hapo alishikilia barafu na karoti mbichi.

Siku ya saba bila choo, mama mkwe akamletea mafuta ya nyonyo. Alikunywa vijiko viwili, akaharisha usiku kucha na tumbo la uzazi likawa linakaza na kuachia. Mafuta ya nyonyo yanaamsha utumbo pamoja na kizazi, ndiyo maana zamani yalitumika kuharakisha uchungu. Kwa mjamzito hayafai. Haluli kali nyingine ziko kwenye fungu hilohilo, na mchanganyiko wa mitishamba wa "kusafisha tumbo" ambao hujui kilichomo usiuguse kabisa. Mafuta ya parafini ya kunywa nayo yanazuia vitamini kuingia mwilini.

Dawa za choo zinazofaa zinakwenda kwa ngazi. Ya chini kabisa ni maji, vikombe nane hadi kumi kwa siku. Kwa fundi wetu tulipanga hivi: vikombe viwili akiamka, viwili saa sita mchana kabla ya kwenda choo mara moja, na vilivyobaki kuanzia saa kumi jioni, akijua saa mbili zijazo atakuwa nyumbani. Shilingi 200 kwa siku badala ya 1,200. Kisha nyuzinyuzi: ugali wa dona badala ya sembe, maharage, matembele au mchicha, na papai lililoiva. Papai bichi ndilo lenye utomvu wa kuepukwa; la kuiva ni chakula kizuri. Ongeza nyuzinyuzi polepole kwa wiki nzima, maana ukibadilisha ghafla utajaa gesi, na usipozisindikiza na maji zitafunga choo zaidi.

Utumbo mpana una saa yake pia. Tumbo likipokea chakula baada ya kulala usiku, utumbo mzima unaamka, na msukumo huo hauzidi nusu saa. Anayekunywa uji na kukimbilia daladala anaupoteza, na kinyesi kinabaki kukauka hadi kesho. Basi kula, kaa chooni dakika kumi bila kukamia. Choo cha kuchuchumaa kina faida hapa. Kama nyumbani ni cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yawe juu ya nyonga.

Yasipotosha hayo, kuna maganda ya ispaghula, yanayouzwa kwenye maduka ya dawa na maduka ya Wahindi kwa jina la isabgoli. Pakiti moja ya gramu 3.5 kwenye glasi nzima ya maji, mara mbili kwa siku, na unywe palepale kabla haijavimba ikawa kama uji mzito. Usinywe ukiwa unaenda kulala. Nyingine ni laktulozi, mililita 15 mara mbili kwa siku. Hii haiingii kwenye damu, inavuta maji kubaki ndani ya utumbo, lakini inachukua hadi siku mbili kufanya kazi. Wengi huiacha siku ya kwanza wakisema haifai, au wanakunywa nusu chupa ili iwahi, wakaishia na gesi na maumivu. Bisakodili au sena ni za mwisho, kwa siku chache, kwa maelekezo ya mhudumu.

Wiki ya 22 kiungulia kikaingia. Bibi zetu husema kiungulia kingi ni mtoto mwenye nywele nyingi. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins waliwafuatilia wajawazito 64 ili kuupinga usemi huo, wakakuta unaelekea kuwa na ukweli. Lakini kinachochoma ni asidi: projesteroni inalegeza kilango kati ya koo la chakula na tumbo, na kizazi kinachokua kinalisukuma tumbo juu.

Chakula chake kikubwa kilikuwa saa tatu usiku, ugali na dagaa wa kukaanga au chipsi, na saa nne alikuwa amelala. Hakuna dawa inayoshinda mpangilio huo. Chakula cha jioni kihamie saa kumi na mbili au saa moja, kiwe kidogo, na zipite saa mbili hadi tatu kabla ya kulala. Mafuta, pilipili, nyanya nyingi, soda na chai kali ndivyo vichokozi vya kawaida, ingawa kila mtu ana chake. Kutafuna jojo baada ya kula kunaongeza mate, na mate yanazimua asidi.

Kuhusu kulala, mito miwili au mitatu chini ya kichwa inakunja kiuno na kulibana tumbo, kiungulia kinazidi. Kinachotakiwa ni mwili wote wa juu uinuke. Weka tofali la inchi sita chini ya kila mguu wa kitanda upande wa kichwa, hiyo ni kama sentimita 15. Kama godoro liko chini, kunja mablanketi uyaweke chini ya godoro lenyewe kuanzia kiunoni kwenda kichwani, upate mteremko. Kisha lalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa mfuko wa tumbo umekaa hivyo kwamba ukilalia kushoto asidi inabaki chini ya kilango.

Yeye hakujua hayo, alianza na ile poda ya povu. Ni magadi ya kupikia na asidi ya ndimu, kwa maneno mengine sodiamu nyingi. Inatuliza kwa dakika chache kwa kutoa gesi, lakini sodiamu inazuia maji mwilini, miguu inavimba. Tena baadhi ya vidonge vya povu vina aspirini ndani, nayo kwa kiwango cha kutuliza maumivu si ya mjamzito kujinunulia. Kisha akahamia chupa nyeupe, na hapa ndipo fundo lilipokaza. Dawa hizo za maji hutofautiana kwa madini. Zenye aluminiamu au kalsiamu hufunga choo. Zenye magnesiamu hulegeza. Yake ilikuwa ya aluminiamu tupu, na tayari choo kilikuwa kigumu. Tena aliinywa saa tatu usiku pamoja na FEFO, ili asisahau. Dawa ya kiungulia inapunguza asidi ambayo chuma kinaihitaji ili kiyeyuke na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo hata zile FEFO alizomeza, sehemu kubwa ilitoka chooni, ikaacha ugumu na weusi, bila kumpa damu.

Kanuni ni kutenganisha kwa saa mbili au zaidi. Mpangilio tulioandika nyuma ya kadi yake ulikuwa huu. Saa kumi na mbili asubuhi muhogo mkavu na maji. Saa moja uji, halafu chooni. Saa nne FEFO na maji, pamoja na pera au kipande cha papai kwa ajili ya vitamini C. Juisi ya ndimu ingefanya kazi hiyo lakini ingewasha kifua. Chai ikae mbali na kidonge kwa saa moja au zaidi, kabla na baada, kwa sababu nayo inazuia chuma. Saa saba chakula cha mchana, saa nane dawa ya kiungulia kama kinawaka. Saa kumi na mbili jioni chakula, saa tatu usiku dawa ya kiungulia mililita 10, sasa ikiwa ni ile yenye magnesiamu na aluminiamu pamoja. Kwa kuwa damu ilikuwa imeshashuka, FEFO ziliongezwa zikawa mbili kwa siku hadi ifike 11, na laktulozi ikaanza siku hiyohiyo bila kungoja choo kifunge. Mara nyingi tunaongeza chuma na kusahau choo, kisha tunamlaumu mama kwa kuacha dawa.

Choo kilifunguka siku ya tatu. Kilikuwa cheusi, na hiyo ni rangi ya chuma. Weusi wa kutia hofu ni ule unaonata kama lami na kunuka vibaya, au wenye damu mbichi nyingi. Wiki ya 30 damu ilisoma 10.6, wiki ya 34 ikafika 11.1, FEFO zikarudi kuwa moja. Kiungulia kilibaki kwa mbali. Kingezidi, omeprazoli miligramu 20 ingetumika kwa maelekezo ya daktari. Dawa moja ya tumbo ambayo mjamzito hatakiwi kabisa kujinunulia ni misoprostoli. Ilitengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo, lakini inakaza kizazi na kutoa mimba, na ipo pia ndani ya baadhi ya vidonge vya maumivu vilivyochanganywa na diklofenaki.

Wiki ya 37 alipiga simu alfajiri. "Shikamoo sista. Kiungulia kimerudi, nimekunywa dawa mara tatu tangu usiku, hakishuki."

Kiungulia cha kweli kinawaka, kinapanda nyuma ya mfupa wa kifua hadi kooni, kinazidi ukilala, na dawa nyeupe inakipunguza ndani ya dakika chache. Alichokieleza kilikuwa tofauti: maumivu mazito yaliyokaa kwenye chembe ya moyo na chini ya mbavu za kulia, hayabadiliki akikaa wala akilala, na alikuwa ametapika mara mbili. Kutapika kunakoanza upya baada ya wiki ya 20 si kule kwa mwanzo wa mimba. Aliulizwa kuhusu kichwa, akasema kinagonga tangu jana. Kuhusu macho, akasema anaona kama vimulimuli. Hakungoja kupambazuka. Hospitali presha ilisoma 160 kwa 110 na mkojo ulikuwa na protini. Kilikuwa kifafa cha mimba kinachokaribia. Ini lilikuwa limevimba, na ndilo lililokuwa linauma pale alipodhani ni asidi. Alipewa dawa ya kushusha presha na sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege, akaanzishiwa uchungu.

Alijifungua salama, akashonwa nyuzi chache. Laktulozi ilianza tena siku ya kwanza, kwa sababu anayeogopa nyuzi hubana choo, na choo kilichobanwa siku tatu ndicho kinachozivuta. Presha iliendelea kupimwa kwa siku kadhaa, kwani inaweza kupanda hata baada ya kujifungua. FEFO aliendelea nazo miezi mitatu, saa nne asubuhi, na pera.